Wembe Usoni na Hofu ya Ndevu

Dada msikilizaji wa Nakuru, ukipitishwa wembe usoni pale saluni, hutakosa mtu wa kukuonya kwamba malaika zako zitarudi nene kama ndevu. Si kweli. Unywele huota kutoka kwenye mzizi ulio chini ya ngozi, na wembe haufiki huko. Mwaka 1928 mtafiti Mmarekani Mildred Trotter alichapisha uchunguzi wa wanaume walionyolewa ndevu: hazikuongezeka unene wala kasi ya kukua. Zikichipuka hukwaruza kwa sababu ncha yake nyembamba imekatwa ikawa butu.

Hatari ninayoihofia ni nyingine. Unywele mgumu wa kidevuni, wenye kujikunja, ukikatwa mfupi mno huinama na kuchoma ngozi. Kipele hutokea, kisha doa jeusi linaloweza kudumu miezi, na jua letu la Bonde la Ufa hulikoleza.

Dai wembe mpya. Ngozi iwe safi na kavu, ivutwe kidogo, wembe ulazwe na ufuate unywele unakoelekea. Penye chunusi zilizovimba usipitishe kabisa. Asubuhi paka losheni ya kuzuia jua. Ndevu ngumu zikiongezeka huku hedhi ikivurugika, mwone daktari akupime homoni.