Kati ya Pepa na Pepa

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya Mwanza)

Leo sikuja kuwaambia msome kwa bidii. Hayo mmeshayasikia hadi masikio yamechoka. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho ratiba ya mtihani hukiacha wazi: zile siku ambazo umemaliza pepa moja na nyingine haijafika.

Mimi siku hizo ziliniponza. Nilipokuwa kidato cha nne tulimaliza Hisabati, tukabakiwa na siku kadhaa kabla ya pepa iliyofuata. Tulitoka chumbani, tukakaa chini ya mwembe na karatasi ya maswali, tukaanza: wewe la tisa umepata ngapi? Nikagundua nimekosa. Jioni nikafungua daftari la somo jingine, lakini kichwani lipo lile swali la tisa. Kesho yake nilishinda na kitabu mapajani huku napiga soga. Sikusoma, wala sikupumzika. Halafu dhamira ikanisuta, nikakesha usiku miwili mfululizo ili nilipe deni. Nikaingia kwenye pepa macho mekundu, na mambo niliyoyajua vizuri yakanipotea.

Kosa langu lilikuwa wapi? Si kupumzika. Nilipumzika bila kujua nitarudi saa ngapi. Waangalie wavuvi wa dagaa hapa ziwani. Wao huvua usiku wa giza kwa taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zao hazifui dafu. Basi siku hizo hukaa ufukweni, wakashona nyavu, wakaziba mitumbwi, wakalala. Hakuna anayewaita wavivu, maana siku ya kurudi majini inajulikana.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba kazi ambayo haijakamilika huendelea kumsumbua mtu akilini hata akiwa anafanya jambo jingine. Lakini akishaweka mpango maalumu wa lini na vipi ataifanya, usumbufu ule hupungua sana, hata kama kazi yenyewe bado hajaigusa. Kwa hiyo ile sauti inayokusuta ukiwa umelala mchana inataka kuambiwa saa. Ukisema "nitasoma baadaye" hainyamazi. Sema "saa mbili usiku, kwenye meza ya jikoni, Kemia, nusu saa".

Sasa tufanye mfano. Chukua kalamu. Tuseme Hisabati inaisha Ijumaa saa tano asubuhi, na Kemia ni Jumatano saa mbili asubuhi. Mpango huu uuandike kabla ya Ijumaa, maana ukitoka chumbani umechoka, na akili iliyochoka haipangi vizuri.

Ijumaa ukitoka, usijadili majibu. Marafiki wakianza, waambie unakwenda kula, na uende kweli. Madaftari ya Hisabati yaingie sandukuni. Kula, oga, lala kidogo, fua nguo, cheza mpira. Lakini jamani, kuogelea ziwani kwenye maji ya kina kifupi penye majani si burudani ya bure: huko ndiko waliko konokono wanaoeneza kichocho. Kaa ufukweni upigwe na upepo, inatosha.

Saa mbili usiku unarudi, kwa nusu saa tu. Usifungue daftari. Chukua karatasi tupu, andika mada zote za Kemia unazozikumbuka, na chini ya kila mada maneno machache ya unachokijua. Halafu ndipo ufungue daftari na kuweka alama pale palipokuwa peupe. Tuseme umekwama kwenye moli na elektrolisisi. Hizo ndizo za Jumamosi. Nusu saa hiyo ni ndogo, lakini asubuhi hutaanza kwa kujiuliza uanzie wapi, na hapo ndipo wengi hupotezea nusu siku.

Jumamosi, soma mada zile ngumu asubuhi, saa mbili hadi sita, na katikati simama, tembea. Mchana ni wako. Jioni saa moja tu, na tena kwa daftari lililofungwa: andika ulichosoma asubuhi, kisha linganisha. Najua kurudia kusoma ni kutamu zaidi, unajiona unajua. Lakini mwaka 2006 Roediger na Karpicke, katika mji wa St. Louis huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi.

Jumapili nusu siku ni ya ibada na nyumbani, nusu ni ya mada zilizobaki. Jumatatu fanya pepa ya zamani nzima, saa ileile ya mtihani, saa mbili asubuhi, bila daftari. Jisahihishe mchana. Jumanne ni ya makosa ya Jumatatu tu. Mada mpya hapana! Ukisikia wenzako wanataja kitu ambacho hujawahi kukisoma, kiache kipite. Andaa kalamu na namba yako ya mtihani, funga vitabu saa tatu usiku, na saa tatu na nusu uwe ndani ya neti. Ukiamka saa kumi na moja na nusu umepata saa nane, na katika usingizi ubongo huyaimarisha uliyosoma. Anayekesha huikosa kazi hiyo.

Mpango utaharibika mahali fulani. Tuseme mechi ya Jumamosi imekula na saa ya jioni. Usiilipe usiku. Endelea na kinachofuata kwenye karatasi, na mada iliyorukwa iingie Jumapili kwa kupunguza nyingine. Na ukiona umesoma ukurasa mmoja mara tatu na ukiufunga huwezi kusema hata sentensi moja, umechoka: toka dakika ishirini. Ikiwa hali ni ileile asubuhi baada ya kulala vizuri, basi hiyo mada huielewi, mtafute mwenzako akueleze. Ukiwa na homa, usiseme ni uchovu wa mtihani. Nenda zahanati siku hiyohiyo upimwe malaria.

Kama pepa mbili ziko siku moja, asubuhi na mchana, haya yote hayafai. Hapo kula chakula chepesi, lala chali dakika ishirini, tazama ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe, basi.

Tulipomaliza, msichana mmoja wa kutwa alinifuata nje. "Dada, wewe unasema mchana ni wangu. Mimi mchana nachota maji, napika, nabeba mtoto. Napumzika lini?" Nilimwambia ukweli: kuchota maji si mapumziko, usiyaandike hivyo. Tukakaa, tukaandika kazi zake zote za nyumbani kwenye ratiba, zikajaa. Kisha tukachagua mbili za kumwomba mama azigawe kwa kaka zake kwa siku hizo chache tu, kwa kumwonyesha karatasi yenyewe yenye tarehe ya kila pepa. Alikubali kuongea naye jioni, akishampa shikamoo na chakula kikiwa kimeshaliwa. Kupika alikubaki nako. Alisema uji ukichemka huwa anajitajia mada za Baiolojia kwa sauti, na mdogo wake mgongoni anadhani anaimbiwa.