Barua ya Kuulizia Bei na Karatasi ya Alama

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika katika mkutano wa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya jinsi chama kinavyoulizia bei kwa wauzaji na jinsi kinavyozilinganisha bei hizo bila upendeleo. Sitazungumzia zabuni kubwa za majengo. Nitazungumzia ununuzi ambao kila katibu aliye hapa huufanya mara kwa mara, nao ni ununuzi wa vifaa. Mfano wangu utakuwa chama cha msingi cha pamba chenye haja ya mabomba 50 ya mgongoni ya kunyunyizia dawa. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya mafunzo, lakini mambo yaliyomo nimeyakuta mara nyingi katika majalada.

Ugomvi mwingi juu ya ununuzi huanzia kwenye barua mbovu. Katibu huandika: "Tafadhali tuleteeni bei ya mabomba mazuri ya dawa." Muuzaji mmoja hujibu kwa bomba la lita 20, wa pili kwa la lita 12, na wa tatu hutaja bei bila nauli. Kamati inapokaa haina la kulinganisha, maana kila mmoja amejibu swali lake mwenyewe. Hapo ndipo maneno ya pembeni hupata nafasi.

Kwa hiyo barua ieleze kitu chenyewe kwa namna ya kuweza kupimwa. Katika mfano wetu iseme hivi: mabomba 50 ya mgongoni yanayopampiwa kwa mkono, tangi la plastiki la lita 16 lenye alama za lita zinazosomeka kwa nje, chujio kwenye mdomo wa tangi, mishipi miwili ya mabegani, na kila bomba liwe na seti moja ya akiba ya washa na pua ya kunyunyizia. Jina la kiwanda lisitajwe, kwa sababu ukitaja jina umekwisha kumchagua muuzaji kabla ya kuulizia bei. Ikiwa hamna njia nyingine ya kueleza, andikeni jina hilo na kuongeza maneno "au linalolingana nalo".

Baada ya maelezo ya kitu, barua itaje masharti ambayo ni sawa kwa wote. Bei iwe ya kufikisha mali katika ghala la chama, kodi zote zikiwamo. Asiyeweza kufikisha aseme wazi, na chama kitaongeza nauli ya lori kwa kima kilichokwisha andikwa na mwenye lori. Mali ifike si zaidi ya siku 30 baada ya oda, na bei isibadilike kwa muda wa siku 30. Muuzaji aambatishe leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi, alete bomba moja la kuonyesha, na aseme vipuri vinapatikana duka gani na dhamana ni ya miezi mingapi. Mwisho itajwe siku na saa ya kupokea bahasha, na siku na saa ya kuzifungua. Bahasha inayochelewa hurudishwa bila kufunguliwa, hata ikiwa ya rafiki wa chama.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo makatibu wengi huliacha. Barua hiyo hiyo ieleze alama zitagawanywa vipi. Kwa mabomba yetu kamati imekubaliana hivi: bei alama 50, muda wa kufikisha alama 20, vipuri alama 20, na dhamana alama 10. Jumla ni 100. Vipuri vimepewa uzito kwa sababu kinachochakaa kwanza katika bomba ni washa na pua, wala si tangi. Mkulima asiyepata washa karibu hubaki na tangi tupu huku funza wa vitumba wakila pamba yake.

Kila fungu la alama liwe na kanuni yake, ili mtu yeyote akikokotoa apate jibu lile lile. Kwa bei, aliye chini kabisa hupata alama zote 50. Wengine hupata kwa kugawanya bei ya chini kwa bei yao, kisha kuzidisha kwa 50. Muda huhesabiwa kwa njia hiyo hiyo, na wa siku chache hupata 20. Kwa vipuri, duka likiwa wilayani kwetu ni alama 20, likiwa makao makuu ya mkoa 12, na likiwa mbali zaidi 4. Kwa dhamana, miezi 12 au zaidi ni alama 10. Miezi 6 hadi kabla ya 12 ni alama 6. Miezi 3 hadi kabla ya 6 ni alama 3. Chini ya hapo hakuna alama.

Tuseme siku ya kufungua imefika na wauzaji wanne wamejibu. Katibu husoma kila barua kwa sauti, na wajumbe watatu hutia sahihi kila ukurasa wenye bei. Mjumbe mwenye udugu au biashara na muuzaji yeyote husema hivyo na kutoka nje, na jambo hilo huandikwa katika muhtasari.

Kabla ya kutoa alama hata moja, kamati hutazama masharti ya lazima. Bomba la kuonyesha hujazwa maji hadi alama ya lita 16, hupampiwa, na hutazamwa kama linavuja kwenye maungo ya mpira. Muuzaji wa Nne ana bei ya shilingi 38,000 kwa bomba, lakini tangi lake ni la lita 12. Huyu anatolewa hapa hapa, na sababu inaandikwa. Asiachwe ndani ya hesabu ati kwa kuwa ni rahisi. Akibaki, atapata alama zote 50 za bei kwa kitu ambacho hatukukiomba, na bei za wengine zitapimwa kwa bei yake.

Waliobaki ni watatu. Muuzaji wa Kwanza anataka shilingi 62,000 kwa bomba, yaani 3,100,000 hadi ghalani. Analeta kwa siku 10, vipuri vyake viko makao makuu ya mkoa, na dhamana ni miezi 12. Muuzaji wa Pili anataka 45,000, yaani 2,250,000, lakini mali tukaichukue dukani kwake. Tukiongeza nauli ya lori 200,000, bei yake ya kweli ni 2,450,000. Atakuwa tayari kwa siku 25, vipuri viko nje ya mkoa, na dhamana ni miezi 3. Muuzaji wa Tatu anataka 54,000, yaani 2,700,000 hadi ghalani. Analeta kwa siku 12, vipuri viko wilayani, na dhamana ni miezi 6.

Karatasi ya alama inakuwa hivi:

| | Wa Kwanza | Wa Pili | Wa Tatu |
|---|---|---|---|
| Bei (50) | 39.5 | 50.0 | 45.4 |
| Muda (20) | 20.0 | 8.0 | 16.7 |
| Vipuri (20) | 12.0 | 4.0 | 20.0 |
| Dhamana (10) | 10.0 | 3.0 | 6.0 |
| Jumla (100) | 81.5 | 65.0 | 88.1 |

Muuzaji wa Tatu ndiye aliyeshinda. Mwanachama atauliza kwenye mkutano mkuu kwa nini hatukumchukua wa bei ya chini. Katibu atajibu kwa hesabu: tumelipa 250,000 zaidi, yaani 5,000 kwa kila bomba, tukapata mali siku 13 mapema, vipuri vya karibu, na dhamana iliyozidi kwa miezi 3. Mwanachama anaweza kukataa kwamba mambo hayo yana thamani ya shilingi 5,000, lakini hawezi kusema kwamba alifichwa.

Ndugu zangu, sasa tazameni kwa makini. Tuseme alama hazikutajwa katika barua, na kamati inazipanga baada ya kufungua bahasha. Mjumbe mmoja anampenda Muuzaji wa Pili. Anasema, "Chama hiki ni maskini, bei iwe 90, muda 5, vipuri 5, dhamana tuiache." Kokotoeni: wa Pili anapata 93.0, wa Tatu 90.9, wa Kwanza 79.1. Mjumbe mwingine anampenda Muuzaji wa Kwanza. Naye anasema, "Mabomba huharibika, dhamana iwe 40, na mengine 20 kila moja." Hapo wa Kwanza anapata 87.8, wa Tatu 78.8, wa Pili 44.0. Barua ni zile zile, bei ni zile zile, na washindi ni watatu. Kila mjumbe ametoa sababu inayosikika vizuri. Ndiyo maana mkaguzi akikuta karatasi ya alama nzuri sana, huuliza kwanza: uzito huu ulipangwa lini? Kama haumo katika barua ya kuulizia bei wala katika muhtasari wa kabla ya siku ya kufungua, karatasi hiyo haithibitishi kitu.

Jambo la pili analolitazama mkaguzi ni kama wauzaji watatu ni watatu kweli. Nimekuta barua tatu za bei zenye kosa moja la tahajia katika neno moja, zenye sanduku la posta moja, na bei zilizopishana kwa kiasi kile kile katika kila kifaa. Hapo muuzaji ni mmoja na karatasi ni tatu. Katibu apeleke barua za kuulizia bei yeye mwenyewe kwa kila duka, aweke daftari la sahihi za waliozipokea, wala asimwachie muuzaji mmoja kazi ya kumletea bei za wenzake. Vile vile bei ya mmoja isitajwe kwa mwingine kabla ya kufungua. Muuzaji akiomba ufafanuzi wa jambo lolote, jibu lipelekwe kwa wote kwa maandishi.

Nieleze pia mpaka wa njia hii. Kwa kitu ambacho hakina tofauti ila bei, kama vile saruji ya aina moja au karatasi za ofisi, msijitaabishe na alama. Wekeni masharti ya lazima, na mchukue wa bei ya chini kati ya waliotimiza. Na palipo na tofauti ya nusu alama kati ya wawili, msijidanganye kwamba hesabu imeona mbali. Barua iwe imesema tangu mwanzo kwamba wakikaribiana kwa chini ya alama moja, wa bei ya chini ndiye atakayechukuliwa.

Mwisho, mpelekeeni kila muuzaji aliyeshindwa barua fupi yenye alama zake na za mshindi. Mali ikifika, mtunza ghala apime mabomba kwa maelezo yale yale ya barua kabla ya kutia sahihi hati ya kupokelea mali. Akikuta mabomba hayafanani na lile la kuonyesha, asipokee, maana alama zilitolewa kwa bomba lile. Barua ya kuulizia bei, daftari la waliopokea, barua zote za bei pamoja na zilizokataliwa, karatasi ya alama na muhtasari vikae katika jalada moja. Hayo ndiyo nitakayoyaomba nikija kwenu.

Sasa nakaribisha maswali.