Kikombe cha Bati: Habari ya Mjane Aliyeuza Maharagwe
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya biashara ndogo za akina mama, nami nimeona ni heri nisiseme juu ya biashara zote, bali nisimulie habari ya mama mmoja tu, ambayo wengi wa Kamati wanaijua. Mwenyewe ametoa ruhusa isimuliwe, ila jina lake lisitajwe.

Mama huyu alifiwa na mume wake, akabaki na watoto watatu katika mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi. Baada ya matanga kwisha na gharama za mazishi kulipwa, zilibaki shilingi 6,000 katika mchango, naye akakabidhiwa. Hakuzila. Alikuwa na sufuria kubwa na jiko la makaa, basi akaanza kuchemsha maharagwe na kuyauza jioni kando ya njia. Biashara hii mnaijua. Mtu atokaye kazini hana saa tatu za kukesha na jiko, wala makaa ya kupoteza. Hununua maharagwe yaliyoiva tayari, akaenda kuyakaanga kwa kitunguu na nyanya nyumbani kwake.

Kila siku alipika gorogoro tatu, na maharagwe yakaisha kabla ya saa mbili ya usiku. Watu walimsifu sana. Hata hivyo, katika wiki ya saba alikuja mbele ya Kamati huku ameinamisha kichwa, akasema ya kuwa zile 6,000 zimebaki 540, na kesho hana fedha za kununulia gorogoro tatu. Wengine walidhani ameibiwa. Wengine, nasikitika kusema, walinong'ona kwamba amezitumia vibaya.

Palikuwa na mama mmoja mzee katika mkutano ule, aliyekuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi. Yeye alimwuliza neno moja tu: "Mwanangu, gorogoro moja hukupa vikombe vingapi?"

Mjane akajibu, "Mama, sijui. Mimi huchota kwa upawa mpaka mtu atosheke."

"Na bei?"

"Shilingi 25 kwa kila mtu."

Mzee akasema, "Basi wewe bei unayo, lakini kipimo huna. Kesho nitakuja kwako."

Akaenda. Wakapika gorogoro moja tu, ambayo ni karibu kilo mbili, wakayaloweka usiku kucha na kuyachemsha mpaka yakaiva. Kisha mzee akatoa kikombe cha bati, cha kadiri ya mililita 300. Akachota maharagwe kwa upawa wenye matundu ili maji yachuruzike, akajaza kikombe, akapitisha kisu juu ya ukingo ili kiwe sawasawa, akamimina katika beseni. Wakahesabu pamoja mpaka sufuria ikaisha. Vikawa vikombe 20. Kwa hiyo gorogoro tatu ni vikombe 60.

Mjane akasema papo hapo, "Lakini mimi huuza kwa watu 48 tu, na sufuria huisha."

Wazee wangu, hapo ndipo ilipojificha siri yote. Watu 48 walikula vikombe 60. Maana yake ni kwamba kila mmoja alipewa kikombe kimoja na robo kwa bei ya kikombe kimoja. Sasa tutazame gharama zake za siku. Gorogoro tatu kwa shilingi 300 ni 900. Makaa, mikebe miwili, ni 200. Mitungi mitatu ya maji ni 30. Ushuru wa siku ni 50. Jumla ni 1,180. Ukiigawanya kwa vikombe 60, kila kikombe kimemgharimu shilingi 20 kasoro kidogo. Akiuza kwa 25, faida yake ni shilingi 5 na senti chache. Na ile robo aliyoongeza bila kuiona, nayo imemgharimu karibu shilingi 5. Basi faida yote ya kikombe ilitoka pamoja na ile robo, ikaingia katika bakuli la mnunuzi.

Kwa siku nzima alipata 25 mara 48, yaani 1,200. Ukitoa 1,180, zinabaki shilingi 20. Na nyumbani alitumia shilingi 150 kila siku kwa unga, mboga na mafuta ya taa, akidhani ni faida anayokula, kumbe ni mtaji. Kwa siku sita za kazi, mtaji ulipungua shilingi 780. Zidisheni kwa wiki saba, mtaona jinsi 6,000 zilivyokuwa 540. Hakukuwa na mwizi.

Huenda mtu akauliza, mkono wake ulikoseaje kila siku bila yeye kujua? Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni chombo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwetu mwezi wa Agosti 2017, wanunuzi wengi huja na vyombo vyao. Huyu ana bakuli, yule ana sufuria pana. Maharagwe yaliyojaza bakuli, ukiyatia katika sufuria pana, yaonekana machache kama yamemwagika. Jicho huona aibu, na mkono huongeza. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mjane alisema, "Mama, hawa ndio waliomzika mume wangu. Nitawapimiaje kwa kisu, kama mtu apimaye dawa?"

Mzee hakumkemea. Alimjibu, "Mwanangu, waliokuja matangani hawakukuomba robo ya kikombe. Walichanga ili watoto wako wale. Ukiumaliza mtaji huu, utarudi kuwaomba tena."

Kamati ikamkopesha shilingi 1,000, akaanza upya kwa kikombe cha bati. Nisingependa mfikiri ya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Siku tatu za kwanza alipima kwa kisu bila kuongeza hata punje. Wanunuzi wakanung'unika, wengine wakapita kwa muuzaji wa jirani, na jioni yakabaki maharagwe ambayo hayakununuliwa. Nanyi mwajua ya kuwa maharagwe yaliyopikwa hayavumilii joto. Asubuhi yalikuwa yametoa povu na harufu ya uchachu, akayamwaga. Kila kikombe kilichomwagwa kilikuwa kimegharimu karibu shilingi 20.

Akarudi kwa mzee, naye akamwambia, "Nyongeza ni desturi, usiiondoe. Ipime." Wakachagua kijiko kimoja cha mezani. Kwa kikombe kile, vijiko 20 hukijaza, kwa hiyo nyongeza ya kijiko kimoja ni sehemu moja katika ishirini, wala si robo. Akapima kikombe mbele ya macho ya mnunuzi, akamimina katika chombo chake, akaongeza kijiko kimoja waziwazi, kisha akatia mchuzi wa kuchemshia kadiri mtu apendavyo, maana mchuzi ni maji na moto uliokwisha kulipiwa. Watu wakaridhika. Na tazameni ajabu hii: walipewa kidogo kuliko zamani, lakini sasa waliiona nyongeza kwa macho yao, na zamani hawakuiona.

Kwa kipimo hicho, gorogoro tatu zilitoa mauzo 57. Hayo ni shilingi 1,425, na baada ya gharama zikabaki 245. Akatoa 150 za nyumbani, akaweka 95. Kwa wiki ya siku sita ni shilingi 570. Deni la Kamati alilirudisha lote katika wiki tatu.

Sasa nieleze jinsi anavyojilinda, maana kipimo bila hesabu hulegea tena. Ana mikebe miwili midogo. Katika mmoja hutia punje 57 za maharagwe makavu. Kila auzapo kikombe, huhamisha punje moja kwenda mkebe wa pili. Usiku huhesabu punje zilizohamishwa, akazidisha kwa 25, na hiyo ndiyo fedha inayopaswa kuwamo mkobani. Ikiwa sufuria imekwisha na punje zimebaki katika mkebe wa kwanza, ajua kwamba kipimo kimevimba. Ikiwa punje zote zimehamia lakini fedha hazitoshi, ajua kwamba kipimo ni sawa, na kosa liko katika mkopo aliompa mtu au fedha aliyoichukua mkobani bila kukumbuka. Haya ni makosa mawili mbalimbali, na dawa zake ni mbalimbali.

Hesabu hiyo ilimfaa kwa njia asiyoitarajia. Wakati mmoja, kwa siku tatu mfululizo, sufuria iliisha kwenye punje ya 53, ijapokuwa alipima kwa uangalifu wote. Akajua kosa haliko mkononi mwake. Akaenda sokoni akaomba kuitazama gorogoro ya muuzaji wake, akaona kitako chake kimebonyezwa ndani. Tangu hapo huenda na gorogoro yake mwenyewe, na muuzaji akikataa, huenda kwa mwingine.

Lakini si kila upungufu ni udanganyifu. Maharagwe ya zamani, yaliyokaa ghalani muda mrefu, huwa magumu, hayavimbi vema, na hula makaa mengi. Kwa hiyo kila anapobadili aina au gunia, hupika gorogoro moja kwanza na kuhesabu vikombe vyake kabla ya kuamini hesabu ya zamani. Na bei ya maharagwe ikipanda, hatafuti kikombe kidogo kwa siri. Huwaambia wanunuzi bei mpya, kikombe kikabaki kile kile, kwa kuwa kikombe hicho sasa ndicho ahadi yake kwao.

Bwana Mwenyekiti, neno langu la mwisho ni kwetu sisi wa Kamati. Tulipompa mama huyu shilingi 6,000, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza gorogoro moja hutoa vikombe vingapi. Tulingoja mpaka fedha zikaisha, ndipo tukaanza kunong'ona. Naomba iandikwe katika kitabu cha mkutano kwamba, kabla ya kumpa mjane fedha za kupikia na kuuza, mmoja wetu aende apike naye chungu kimoja, wahesabu pamoja. Na mama yule mzee amekubali kwenda pamoja na yeyote tutakayemtuma, mradi aje na kikombe chake.