Kuanza Upya na Kukwama: Kwa Nini Kumbukumbu Kubwa Si Lazima Iwe Bora



Mada yangu ni mfumo wa milinganyo Ax = b ambao matriksi yake A si linganifu. Mifumo ya namna hii huzaliwa, kwa mfano, tunapokokotoa jinsi mto unavyosomba uchafu: maji hutiririka upande mmoja, kwa hiyo nukta ya juu huathiri ya chini zaidi kuliko ya chini inavyoathiri ya juu.

Mwaka 1986 Youcef Saad na Martin Schultz walichapisha njia iitwayo GMRES. Tukiwa na jibu la kukisia x, masalio ni r = b − Ax, yaani kiasi ambacho milinganyo bado haijatimia. Njia hii huzidisha masalio kwa A tena na tena, hupata vekta Ar, A²r na kuendelea, kisha huchagua mchanganyiko wa vekta hizo unaofanya masalio mapya yawe mafupi kadiri inavyowezekana. Kila hatua huongeza vekta moja, hivyo masalio hayawezi kurefuka.

Gharama iko kwenye kuhifadhi. Kwa milinganyo 1,000,000, vekta moja huchukua megabaiti 8, na vekta 300 huchukua gigabaiti 2.4. Tena kila vekta mpya lazima inyooshwe ikutane kwa pembe mraba na zote zilizotangulia, kwa hiyo kazi hiyo hukua kwa mraba wa idadi ya hatua. Ndiyo maana hatua zikifika m, tunabaki na jibu lililopatikana, tunazitupa vekta zote na kuanza upya. Hii ndiyo GMRES(m). Katika maktaba ya PETSc, m ni 30 usipoibadilisha.

Wengi huamini kwamba m kubwa daima hushinda m ndogo. Mwaka 2003 Mark Embree alionyesha kwa mifano midogo kwamba sivyo. Tuufuate mmoja wake kwa mkono:

```
A = [1 1 1
     0 1 3
     0 0 1],   b = (2, -4, 1)
```

Tunaanza na x = 0, kwa hiyo r = (2, −4, 1), yenye urefu wa 4.58.

Kwa GMRES(1), Ar ni (−1, −1, 1), na kizidishi bora ni 1. Masalio yanakuwa (3, −3, 0). Hatua ya pili inatoa (3, 0, 0), na ya tatu inatoa sifuri. Jibu kamili limepatikana.

Kwa GMRES(2), tunatumia pia A²r, ambayo ni (−1, 2, 1). Baada ya hatua mbili masalio ni (1.5, 0, 1.5), yenye urefu wa 2.12, ilhali ya mwenzake wakati huo yalikuwa na urefu wa 3. Ukitazama urefu peke yake, GMRES(2) inaongoza. Sasa tunaanza upya. Mzunguko wa pili unashusha urefu hadi 1.728, na wa tatu hadi 1.726: hatua mbili nzima zimepunguza chini ya asilimia 0.2.

Sababu iko kwenye umbo la A. Chini ya ulalo wake kuna sifuri tupu, kwa hiyo sehemu ya tatu ya masalio ikishakuwa sifuri haifufuki tena, na tatizo hubaki la vipimo viwili, kisha kimoja. GMRES(1) iliifuta sehemu hiyo mwanzoni. GMRES(2) ilipata masalio mafupi zaidi, lakini ikaiacha sehemu ya tatu hai. Kama ingeruhusiwa hatua moja zaidi kabla ya kutupa vekta zake, ingemaliza kazi. Ilipoanza upya, ilibaki na masalio mafupi tu, bila kujua ni pande zipi zilikwisha kutafutwa.

Kukwama kabisa hutokea masalio yakikutana kwa pembe mraba na Ar, A²r hadi Aᵐr. Hapo hakuna mchanganyiko unaoyafupisha, na kila mzunguko unarudia uleule kwa sababu mwanzo wake haujabadilika. Kinga moja inajulikana: ikiwa sehemu linganifu ya A, yaani (A + Aᵀ)/2, ina thamani pekee chanya tupu, GMRES(m) hufika kwa m yoyote. Matriksi yetu haina kinga hiyo, kwani moja ya thamani hizo ni hasi.

Kwa hiyo andikeni urefu wa masalio mwishoni mwa kila mzunguko. Mstari ukilala mapema, mbali na kiwango cha makosa ya kukadiria tarakimu, mmekwama. Jaribuni m nyingine, hata ndogo zaidi. Au zidisheni mfumo kwa matriksi rahisi inayokaribia kinyume cha A, ili tatizo lenyewe lilainike. Au tumieni njia ya Ronald Morgan, ambayo huvusha vekta chache zilizochaguliwa kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Hii ya mwisho inagusa chanzo cha ugonjwa: kinachokwamisha ni kile kinachotupwa, basi swali la kujiuliza kila tunapoanza upya ni vekta zipi tubaki nazo.