Wanaotazama Pia Wamo: Jinsi Shule Nzima Inavyoweza Kuzuia Uonevu



Mtoto anapoonewa shuleni, watu wazima huuliza kwanza ni nani aliyemwonea. Swali hilo ni la haki, ila halitoshi, kwa sababu uonevu mara nyingi hufanyika mbele ya watu. Nchini Kanada, watafiti waliwarekodi watoto wa shule za msingi wakicheza uwanjani. Karibu kila mara mtoto alipoonewa, wenzake walikuwa pale wakitazama. Wachache ndio walioingilia kati, lakini walipofanya hivyo, zaidi ya nusu ya matukio hayo yalikoma ndani ya sekunde 10.

Anayeonewa huwaona hao wanaotazama. Kinachomuumiza si kofi au jina la dhihaka pekee, bali kule kuona kwamba darasa zima limenyamaza. Mwishowe huamini kwamba kasoro ni yake. Hapo ndipo tumbo huanza kumuuma kila siku ya kufungua shule inapokaribia, usingizi humpotea na alama hushuka, na ukimuuliza atakwambia hakuna neno. Huko Uingereza, watoto waliozaliwa mwaka 1958 wamefuatiliwa tangu utotoni. Walioonewa sana wakiwa na umri wa miaka 7 na 11 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona na wasiwasi hata walipofika miaka 45. Kwa hivyo yule mzazi anayesema "hata sisi tulipitia hayo" hajui waliopitia naye wamebeba nini.

Mpango unaofaa kuigwa unatoka Finlandi. Unaitwa KiVa, na ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku na Profesa Christina Salmivalli na wenzake. Msingi wake ni kwamba mwonevu hutafuta ukubwa mbele ya wenzake, na wanaocheka ndio wanaompa ukubwa huo. Basi darasa zima hufundishwa mwaka mzima namna ya kutocheka, kumwita mwalimu na kukaa karibu na anayeonewa. Kando na masomo hayo, kila shule huwa na kikundi kidogo cha walimu wa kushughulikia visa vinavyotokea.

Chukua mfano wa mwanafunzi mgeni katika shule ya bweni. Wakubwa wanamwita "mono", wanamtuma maji usiku na kumnyang'anya mkate wake. Kwa utaratibu huo wa Finlandi, walimu wawili wa kikundi wangezungumza naye kwanza, peke yake. Kisha wangemwita kila mmoja wa wale wakubwa kwa zamu yake, wasipate nafasi ya kupanga hadithi moja, na kila mmoja angesema atafanya nini kuanzia siku hiyo. Mwalimu wa darasa naye angewaomba wanafunzi wawili au watatu wanaoheshimiwa na wenzao wamkaribishe mgeni mezani na watembee naye. Baada ya wiki mbili hivi, wote wangeitwa tena ili walimu wajue kama ahadi zimetimizwa. Kuna jambo moja lisilofanywa, ingawa shule nyingi hulipenda: mwonevu na mwonewa hawaketishwi pamoja mwanzoni ili wapeane mikono. Mwonewa atasema yamekwisha kwa sababu anaogopa.

Mipango ya namna hii haimalizi uonevu. Mapitio ya tathmini 100 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa idadi ya wanaoonewa hupungua kwa takriban asilimia 15. KiVa yenyewe imefaulu zaidi katika shule za msingi kuliko kwa vijana wa sekondari. Tena kuna jambo ambalo watafiti hawakulitarajia: pale uonevu unapopungua, wale wachache wanaoendelea kuonewa huumia zaidi. Zamani mtoto aliweza kusema "hapa kila mtu huonewa." Sasa anajiona yuko peke yake, na anajilaumu zaidi. Kwa sababu hiyo shule haifai kutangaza ushindi kwa kutazama idadi pekee. Inafaa wanafunzi waulizwe kila mwaka, kwa karatasi zisizoandikwa majina, wanaonewa mara ngapi na mahali gani, kisha watafutwe waliobaki.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au kudhalilishwa, kimwili au kiakili. Neno "mila ya shule" halimo humo.

Mzazi anayeshuku jambo asimuulize mtoto "nani amekupiga?" Amuulize anakula na nani, anaketi na nani, na ni sehemu gani ya shule asiyopenda kupita. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga simu nambari 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto, bila malipo.