Ni Dini au ni Kabila?



Kijana wetu aletapo mchumba Mzulu au Mhindi hapa Durban, huambiwa: "Huyo si mwenzetu." Nashauri amwulize mzee kwa adabu: kizuizi ni dini au ni kabila? Kila kimoja kina jibu lake.

Kikiwa kabila, tukumbuke asili yetu. Wahenga wetu walioshushwa bandarini hapa mwaka 1873 wengi wao walikuwa Wamakua. Jina la Wazanzibari walipewa. Serikali ya ubaguzi ikatuandika "Waasia wengine", na katika miaka ya 1960 ikatuhamishia Chatsworth. Tusiujenge ukuta wake majumbani mwetu.

Kikiwa dini, tusikifiche. Kwa fikihi, mwanamume Mwislamu aweza kumwoa Mkristo. Binti yetu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, haolewi na asiyesilimu. Basi shehe aulizwe kabla ya posa, si baada ya mahari kupokewa, na malezi ya watoto yazungumzwe papo hapo. Lakini mchumba asishurutishwe: shahada ya kulazimishwa haina thamani mbele ya Mola.

Wabillahi taufiki.