Ukiulizwa "Umewahi Kufanya Nini?"

Mazungumzo ya mkufunzi wa karakana ya magari na vijana waliomaliza kidato cha nne



Mimi huketi kwenye jopo la mahojiano karakana yetu inapotafuta wanagenzi. Wengi wenu huja na matokeo ya KCSE na kitambulisho tu. Hilo si kosa. Anayetafuta mwanagenzi hatarajii kupata fundi. Shida huanza tunapouliza, "Umewahi kufanya nini kwa mikono yako?" Mtu hujibu, "Sijafanya chochote, lakini niko tayari kujifunza." Basi, hatuna la kuuliza tena.

Kijana mmoja alitujibu hivyo hivyo. Mwenzangu akamuuliza, "Baiskeli ya kwenu ikipata pancha, nani huziba?" Akasema, "Ni mimi." Tukamwambia atueleze.

Alisema hutoa tyubu, huijaza upepo, kisha huizamisha kwenye karai la maji na kufuata mapovu mpaka kwenye tundu. Huipangusa ikauka, huikwangua kwa msasa, hupaka gundi, halafu hungoja. Kwa nini angoje? Akasema siku ya kwanza alibandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, kikateleza, na kesho yake tairi likalala tena. Kabla ya kurudisha tyubu, hupapasa ndani ya tairi kwa vidole, maana mwiba ulioitoboa huenda bado umo.

Tulimchukua. Pancha ni kazi ndogo, lakini mpango wake ndio wa karakana: tafuta hitilafu, itengeneze, kisha ondoa kilichoileta. Asiyeutafuta mwiba atabadilisha kifaa kipya garini na gari lirudi wiki ijayo.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda, chagua kazi moja uliyoifanya wewe mwenyewe: jembe ulilotia mpini, mlango wa banda la kuku, bomba lililokuwa likivuja. Jizoeze kumweleza mtu wa nyumbani kilichokuwa kimeharibika, ulivyojua, vifaa ulivyotumia, ulipokosea, na ulivyohakikisha imepona. Usifiche ulipokosea, kwa kuwa hapo ndipo tunapoona kwamba kazi ni yako kweli.

Usijipambe pia. Ukisema unajua injini, tutakupa spana na kukuonyesha bolti. Anayebahatisha huchukua spana ya 14 kwenye bolti ya 13, ikazunguka na kula kingo za kichwa cha bolti, na kuitoa kukawa kazi nyingine. Ukiwa hujui, sema, "Hii sijawahi kuitumia, naomba unionyeshe." Kisha tazama mkono wa fundi, maana huenda akakupa spana hiyo ujaribu papo hapo.